Kitufe cha Hifadhi Kiko Wapi?

Mhazini wa kikoba amemaliza kuingiza hisa, rejesho la mkopo na faini za mwanachama wa kwanza. Sasa anatafuta pa kubonyeza ili hesabu ihifadhiwe, hapaoni. Anampigia simu kijana aliyeitengeneza programu.

"Mwanangu, hapa hakuna kitufe."

"Kipo mama. Angalia chini kabisa, cha kijani."

"Nimeshaangalia. Chini kuna tarehe, basi."

Kijana anaifungua programu ileile kwenye simu yake na kitufe kiko palepale alipokiweka. Mfano huu nimeutunga, lakini kila anayetengeneza programu za Android kwa watu wa kawaida ameshapigiwa simu ya namna hii, au atapigiwa. Wote wawili wanasema kweli. Programu ni moja, simu ni mbili, na tofauti kati ya simu hizo inapimika kwa kalamu na karatasi.

Mwaka 2015 kampuni ya OpenSignal ilihesabu aina tofauti za vifaa vya Android vilivyokuwa vimeipakua programu yake ikapata 24,093. Hakuna mtu mwenye kabati la kuweka simu zote hizo, na wengi wakiisikia namba hiyo huamua kujaribu kwenye simu yao moja na kumwachia Mungu. Mimi naona huko ni kukata tamaa mapema. Simu elfu ishirini hazitofautiani kwa namna elfu ishirini. Zinatofautiana kwa mambo machache, na ukiyajua hayo, simu nne au tano zilizochaguliwa kwa akili pamoja na kompyuta moja zinatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya yale yatakayoharibika. Tuifuate programu ya kikoba tuone.

Tuanze na kitufe. Android haipangi vitu kwenye skrini kwa pikseli, kwa sababu pikseli za simu moja ni ndogo kuliko za nyingine. Inatumia kipimo kinachoandikwa dp. Kwenye skrini yenye nukta 160 kwa inchi, dp moja ni sawa na pikseli moja. Nukta zikiwa 320, dp moja huchukua pikseli mbili. Kwa hiyo ukitaka kujua simu ina upana wa dp ngapi, chukua pikseli za upana, zidisha kwa 160, kisha gawa kwa nukta zake kwa inchi. Urefu unaupata kwa njia hiyohiyo.

Simu ya kijana ni ya pikseli 1080 kwa 2400, na mtengenezaji ameipa nukta 420. Ukipiga hesabu unapata karibu dp 411 kwa 914. Simu ya mhazini ni ya bei nafuu ya miaka kadhaa iliyopita, pikseli 480 kwa 854, nukta 240. Hiyo inatoa dp 320 kwa 569. Ukizishika mikononi, ya kwanza ni ndefu kidogo tu kuliko ya pili. Kwa macho ya programu, ya pili imekatwa zaidi ya theluthi ya urefu.

Sasa tuweke vitu vyenyewe. Ukurasa una nafasi sita za kujaza: jina, hisa, mfuko wa jamii, rejesho, faini na tarehe. Kila nafasi pamoja na pengo lake inachukua dp 72, jumla 432. Kitufe kina kimo cha dp 48, na pengo la dp 16 juu na jingine chini, hivyo kinahitaji 80. Ukurasa wote unataka dp 512. Kabla ya kuupanga, Android yenyewe huchukua chake. Mstari wa juu wenye saa na betri ni kama dp 24, mstari wa chini wenye vitufe vya kurudi ni 48, na utepe wenye jina la ukurasa ni 56. Hizo ni 128. Simu ya kijana inabakiwa na dp 786, na ukurasa unakaa ndani yake kwa raha. Simu ya mhazini inabakiwa na 441. Kitufe kinaanza dp 448 kutoka juu ya ukurasa. Kwa hiyo hakikukatwa nusu, wala hakionyeshi ncha ya kijani ya kumshtua mtu. Kimepotea chote, na skrini inaishia vizuri kwenye tarehe kana kwamba ndivyo ilivyokusudiwa.

Simu ninayoiona ya hatari kuliko hizo mbili ni ya katikati, yenye pikseli 720 kwa 1280 na nukta 320. Hiyo ni dp 360 kwa 640. Ondoa 128, zinabaki 512, zilezile zinazohitajika, hakuna hata moja ya ziada. Mjaribu akiishika simu hiyo anaona kila kitu kiko sawa, anaandika kwamba imefaulu, anaendelea. Kisha programu inafika kwa mzee ambaye mjukuu wake alimkuzia maandishi kwenye mipangilio ili asome bila miwani. Maandishi yanakua, kila nafasi inarefuka kidogo, na kitufe kinasukumwa nje. Kwa miaka mingi ukuzaji mkubwa wa kawaida ulikuwa asilimia 130. Android 14 imeruhusu hadi 200. Ukijaribu kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida tu, unakuwa umejaribu kwa niaba ya vijana wenye macho mazima.

Uzuri wa kasoro hii ni kwamba huhitaji simu ya mhazini ili kuiona. Simu yoyote iliyounganishwa kwenye kompyuta kwa waya, ikiwa imewashwa ruhusa ya watengenezaji programu, inaweza kulazimishwa ijione kuwa nyingine:

```
adb shell wm size 480x854
adb shell wm density 240
adb shell settings put system font_scale 1.3
```

Papo hapo simu inajipanga upya kama ndogo. Pitia kila ukurasa, ukijaza kila nafasi kwa vidole vyako, kwa sababu kibodi ikipanda inameza karibu nusu ya skrini na kasoro nyingine zinajitokeza hapo tu. Ukimaliza, irudishe simu ilivyokuwa:

```
adb shell wm size reset
adb shell wm density reset
adb shell settings put system font_scale 1.0
```

Tiba ya kitufe ni nyepesi. Ama ukurasa uwe wa kusogezwa juu na chini kwa kidole, ama kitufe kifungwe kwenye ukingo wa chini wa skrini na nafasi za kujaza ndizo zisogee nyuma yake. Kwa programu ya fedha ninapendelea njia ya pili. Mtu asiyezoea hajui kwamba chini kuna kitu kingine mpaka akione, na hatujampa sababu ya kusogeza kidole.

Upana nao una hila yake, na kwa fedha zetu zenye tarakimu nyingi hila hiyo ni kubwa. Kwenye dp 411, jina la mwanachama na salio la shilingi 1,250,000 vinakaa mstari mmoja. Kwenye dp 320 havikai. Watengenezaji wengi hupanga maandishi yasiyotosha yakatwe na kumalizikia kwa nukta tatu. Jina likikatwa hivyo, msomaji bado anamjua mtu wake. Salio likikatwa, 1,250,000 na 1,250,000,000 zinafanana, na 125,000 ikikosa tarakimu ya mwisho inasomeka vibaya kabisa. Kasoro hii haifungi programu wala haiandiki kosa popote. Kompyuta haitaiona, lazima mtu aitazame. Ndiyo maana data za majaribio ziwe na namba ndefu kuliko zote zinazoweza kutokea na majina matatu marefu, badala ya yale majina mafupi na elfu kumi kumi tunazozoea kuzibandika.

Hayo ni ya skrini. Matoleo ya zamani ya Android yanaumiza kwa njia nyingine, tena kimyakimya zaidi.

Kila toleo la Android lina namba yake ya ndani inayoitwa API. Android 5.0 ya mwaka 2014 ni 21, Android 7.0 ya mwaka 2016 ni 24, Android 8.0 ya mwaka 2017 ni 26, Android 15 ya mwaka 2024 ni 35. Kwenye mradi wake mtengenezaji huandika `minSdk`, yaani toleo la chini kabisa ambalo programu itakubali kusakinishwa. Akiandika 21, anawaahidi wenye Android 5.0 kwamba programu itafanya kazi kwao. Tatizo ni kwamba hakuna anayemkagua kama ahadi hiyo ni ya kweli. Wakati wa kuandika msimbo, kompyuta yake inatumia orodha ya uwezo wa Android mpya, na inamruhusu kutumia kitu ambacho simu ya zamani haijawahi kuwa nacho.

Mfano ninaoupenda ni tarehe. Njia ya kisasa ya kushughulikia tarehe katika Java, inayoitwa `java.time`, iliingia Android kwenye API 26. Kijana wetu ameitumia kwenye ukurasa wa ripoti ili kujua mkopo wa miezi mitatu utaiva lini. Programu inasakinika kwenye simu ya Android 7 bila neno, inafunguka, inaingiza hisa na kuzihifadhi. Siku ya mgao, mhazini anabonyeza ripoti na programu inajifunga yenyewe. Anaifungua tena, inajifunga tena. Ukiunganisha simu kwenye kompyuta na kusoma kumbukumbu za matukio kwa `adb logcat`, unakuta mstari huu:

```
java.lang.NoClassDefFoundError: Failed resolution of: Ljava/time/LocalDate;
```

Maana yake simu imetafuta kitu kiitwacho LocalDate ndani yake, haikukipata. Na angalia ni lini imekitafuta. Haikukitafuta wakati wa kusakinisha wala wakati wa kufungua, ila pale ule ukurasa ulipohitajika. Hapo ndipo majaribio mengi ya haraka yanapoanguka. Mtu anachukua simu ya zamani, anasakinisha, anaona ukurasa wa kwanza, anasema inafanya kazi. Hajajaribu kitu. Kwenye toleo la zamani ni lazima upite kila njia, ikiwemo ile inayotumika mara moja kwa mwaka.

Android Studio ina mkaguzi anayeitwa lint, na onyo lake la `NewApi` lingemwambia kijana habari hii kabla hajaondoka mezani. Tangu mwaka 2020 pia kuna njia ya kubeba sehemu kubwa ya `java.time` ndani ya programu yenyewe ili simu za zamani ziikute humo. Lakini mkaguzi anasoma zaidi msimbo ulioandika wewe. Ukiwa umechukua kifurushi cha mtu mwingine cha kuchora chati au kutengeneza risiti, kilichomo ndani kinaweza kumpita. Hapo hakuna mbadala wa kuendesha programu kwenye toleo lenyewe.

Kuliendesha hakuhitaji simu. Android Studio inakuja na emuleta, yaani simu nzima ya Android inayoishi ndani ya kompyuta, na unaweza kuitengeneza ya API 21, 24, 26 au yoyote unayotaka, kwa ukubwa wa skrini unaoutaka. Inahitaji kompyuta yenye nguvu kiasi na bando la kutosha, kwa sababu kila toleo unalolipakua ni zito. Ukishalipakua ni lako.

Emuleta ndiyo ingekuwa imemwonyesha kijana tukio jingine, ambalo ni la kweli na limewagusa watu wengi duniani, nalo linahusu vyeti.

Programu inapozungumza na seva, seva huonyesha cheti cha kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Simu inakikubali cheti hicho ikiwa kimetiwa saini, moja kwa moja au kwa kupitia wengine, na mdhamini aliyemo kwenye orodha iliyomo ndani ya simu. Kwenye simu nyingi za zamani orodha hiyo husasishwa tu Android yenyewe inaposasishwa, na simu za bei nafuu mara nyingi hazisasishwi kabisa. Orodha iliyofungwa ndani ya boksi siku ya kununuliwa ndiyo inayobaki.

Let's Encrypt ni shirika lisilo la faida linalotoa vyeti bure, na tovuti na seva nyingi sana, zikiwemo za biashara ndogo, zinatumia vyeti vyake. Lilipoanza kutoa vyeti kwa umma mwaka 2015, mdhamini wake mwenyewe, ISRG Root X1, alikuwa bado hajaingia kwenye orodha za simu, kwa hiyo likaegemea mdhamini wa zamani aliyeitwa DST Root CA X3. Android ilimwingiza ISRG Root X1 kuanzia toleo la 7.1.1. Mdhamini wa zamani muda wake uliisha tarehe 30 Septemba 2021, na hapo simu zote zilizo chini ya 7.1.1 zingekatwa. Ziliokolewa na mpango maalumu, kwa kuwa Android haikuwa inaangalia tarehe ya mwisho ya mdhamini aliyemo kwenye orodha yake. Mpango huo uliongeza miaka mitatu. Tarehe 8 Februari 2024 Let's Encrypt liliacha kuutoa kwa kawaida, na tarehe 30 Septemba 2024 ukamalizika wenyewe.

Fikiria sasa mwenye simu ya Android 7.0. Hajagusa kitu. Mtengenezaji hajabadilisha hata herufi moja ya programu. Cheti cha seva kinajihuisha chenyewe kila baada ya miezi, na siku kilipojihuisha bila ule mpango maalumu, programu ikaacha kuzungumza na seva. Kwenye skrini yanatokea maneno "Hakuna mtandao", kwa sababu mtengenezaji aliandika ujumbe mmoja kwa kila aina ya kushindwa. Mwenye simu anaongeza bando. Anazima na kuwasha simu. Anahamia mtaa wenye mawimbi bora. Jirani mwenye simu ya Android 8 anaendelea bila shida, na akiifungua tovuti hiyohiyo kwa kivinjari cha Firefox kwenye simu yake mwenyewe huenda ikafunguka, kwa kuwa Firefox inabeba orodha yake ya wadhamini. Naumia nikifikiria bando zilizonunuliwa bure kwa ajili ya ujumbe mmoja ulioandikwa kwa uvivu.

Kwenye kumbukumbu za matukio, ukweli unasomeka hivi:

```
javax.net.ssl.SSLHandshakeException: java.security.cert.CertPathValidatorException:
Trust anchor for certification path not found.
```

Namna ya kuigundua mapema ni kuwa na emuleta mbili kando kwa kando, moja ya API 24 na nyingine ya API 25. Moja inagoma, nyingine inapita, na unajua papo hapo kwamba shida haiko kwenye seva wala kwenye mtandao. Tiba ni kumbeba mdhamini mpya ndani ya programu. Kuanzia Android 7.0 hilo linafanyika kwa faili dogo la mipangilio ya usalama wa mtandao. Chini ya hapo linafanywa kwa msimbo. Kuna tiba ya tatu inayosambaa miongoni mwa vijana, ya kuiambia programu ikubali cheti chochote kile. Inafanya kazi mara moja, ndiyo maana inapendwa. Pia inamruhusu yeyote aliyeko katikati ya mawasiliano kujifanya seva, asome na kubadilisha hesabu za kikoba. Asiyeweza kufanya tiba mbili za kwanza ni afadhali awaambie wenye simu hizo kwamba hatawahudumia.

Jaribu pia tarehe. Betri ikiisha kabisa, baadhi ya simu za zamani huamka zikidhani ni miaka mingi iliyopita, na cheti kilichotolewa mwaka huu kinaonekana bado hakijaanza kutumika. Irudishe nyuma tarehe ya simu ya majaribio kwenye mipangilio, fungua programu, usome inachomwambia mtumiaji. Ujumbe mzuri ungesema "Angalia tarehe ya simu yako".

Baada ya kuisifu emuleta, niseme pale inapodanganya. Inakopa nguvu za kompyuta, kwa hiyo haijui njaa ya kumbukumbu. Google ilitangaza Android Go mwaka 2017 ikaja na Android 8.1, ikilenga simu zenye gigabaiti moja ya kumbukumbu au chini ya hapo, na simu za aina hiyo zimeuzwa sana Afrika Mashariki. Mhazini akiwa katikati ya kujaza, simu inaita, au anafungua kamera apige picha ya risiti. Kumbukumbu haitoshi kwa vyote viwili. Android inaiua programu ya kikoba kimyakimya ili ipate nafasi, na akirudi inaianzisha upya. Kama mtengenezaji hakuhifadhi kilichokuwa kimeandikwa, anakuta nafasi tupu. Kwenye simu ya gigabaiti nane mtu anaweza kufanya kazi miezi bila kuliona hilo.

Unaweza kuliigiza. Jaza ukurasa nusu, rudi kwenye skrini ya mwanzo ya simu, kisha kwenye kompyuta andika amri hii ukiweka jina la ndani la programu yako:

```
adb shell am kill com.mfano.kikoba
```

Irudie programu kupitia orodha ya zilizofunguliwa karibuni, uone kama maandishi yapo. Jaribio hili ni la chini ya dakika moja, na kama ningeruhusiwa kumwomba mtengenezaji afanye jaribio moja tu kabla ya kutoa programu, ningemwomba hili. Lakini uzito wenyewe, ule wa kubonyeza na kusubiri, wa orodha inayokwama unapoisogeza, wa simu iliyojaa picha mpaka haina pa kuandika, huo unauhisi kwenye simu dhaifu ya kweli tu. Vivyo hivyo kwa vikumbusho. Baadhi ya watengenezaji wa simu wameweka mifumo yao ya kuokoa betri inayoziua programu zilizo nyuma, na kikumbusho cha rejesho hakilii. Emuleta inaendesha Android isiyo na nyongeza hizo.

Kwa hiyo simu zipi zinunuliwe? Anza na watumiaji wako. Kama programu tayari iko Play Store, ukurasa wa mtengenezaji unaonyesha simu na matoleo waliyo nayo. Kama haipo, hudhuria mkutano wa kikundi uziangalie simu zilizowekwa mezani. Kisha tafuta ile yenye skrini nyembamba kuliko zote, ile yenye toleo la zamani kuliko yote unayoahidi, ile yenye kumbukumbu ndogo kuliko zote, na ile inayoshikwa na wengi. Mara nyingi tatu za kwanza zinapatikana kwenye simu moja au mbili. Ongeza moja yenye Android mpya. Zilizotumika zinapatikana Kariakoo au Luthuli kwa bei ndogo kuliko simu moja ya kifahari. Ukinunua, usiamini namba iliyoandikwa kwenye mipangilio, maana simu bandia hujipa toleo la juu. Iulize namba ya API:

```
adb shell getprop ro.build.version.sdk
```

Ikijiita Android 10 lakini ikajibu 22 badala ya 29, umeuziwa Android 5.1. Kwa kuongea nayo ni hasara. Kwa majaribio huenda ndiyo uliyokuwa unaitafuta, na hakika baadhi ya watumiaji wako wanayo bila kujua. Simu usizozimudu zinakodishwa. Firebase Test Lab ya Google inaendesha programu yako kwenye simu za kweli zilizoko kwenye maabara yake na kukuletea picha za skrini na kumbukumbu za matukio. Inafaa kwa kutazama nyuso nyingi kwa haraka, ila angalia kwanza kama aina zinazotumiwa na watu wako zimo kwenye orodha.

Ile simu mpya isipuuzwe, kwa sababu safari hii kitufe kinaweza kupotea upande wa pili. Tangu tarehe 31 Agosti 2025 Play Store inadai programu mpya na masasisho yalenge angalau API 35. Programu inayolenga hivyo, ikiwa kwenye Android 15, huchorwa mpaka ukingoni mwa skrini, chini ya mstari wa saa na chini ya vitufe vya kurudi. Kitufe tulichokifunga kwenye ukingo wa chini ili kumwokoa mwenye dp 320, kwenye simu mpya kabisa kinaingia chini ya vitufe vya mfumo. Mtu anabonyeza Hifadhi, simu inarudi nyumbani. Ni lazima programu iiulize Android mistari hiyo ina kimo gani na kujisogeza kwa kiasi hicho. Na ukishafanya hivyo, simu ndogo inajaribiwa upya, kwa kuwa umeugusa ukurasa uleule.

Itafika siku gharama ya kulihudumia toleo fulani itazidi. Hapo mtengenezaji hupandisha `minSdk`, tuseme kutoka 21 hadi 26. Walio chini ya hapo hawafutiwi programu. Wanabaki na toleo la mwisho walilonalo, hawapati sasisho jipya, na simu yao haiwaambii sababu. Wanaendelea kutuma hesabu kwenye seva ileile. Kwa hiyo kabla ya kupandisha, toa kwanza sasisho moja la mwisho kwa ajili yao, lenye ujumbe wa wazi na njia ya kutoa rekodi zote kama faili. Lijaribu kwenye ile simu dhaifu kuliko zote ulizonazo, na uiache seva iendelee kulijibu toleo hilo mpaka wa mwisho wao awe amehama.